Mume Yangu, Kula Mbele

Nyumbani kwetu Beni, babu yangu alikuwa mume wangu. Tangu nilipoweza kusimama aliniita mke wake mdogo, nami nikamwita mume wangu, na nyanya, ambaye ndiye aliyeolewa naye kanisani, alidai nisugue masufuria kwa kuwa mke mkubwa hasugui. Wageni walipofika tuligombana mbele yao. Mimi nilitaka kitenge kipya, nyanya alitaka kingine, na babu alijifanya kuziba masikio. Baba yangu mzazi, dereva aliyetoka upande wa Kindu akatia nanga Beni, sikuwahi kumtania hata kwa kope. Baba ni baba. Lakini babu alikuwa wa kuchezea, na huo ndio upendo niliofundishwa kuonyesha wazee.

Nasema haya mapema ili mnielewe. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na ulimi mwepesi tu, na ulimi mwepesi ukitoka kwao huwa haujui kama umevuka mpaka.

Mchumba wangu alikuwa Mnande, mtu wa kabila la Wanande wa Butembo. Tulikutana Beni alikokuwa akifundisha, na baada ya miaka miwili akaniambia kwamba kwao wako tayari kuniona. Nilijua hawakuwa tayari wote. Kulikuwa na maneno. Huyu binti hajui Kinande, atatusalimuje? Batoto bake watalala na luga gani? Aliyeyanyamazisha maneno hayo ni mzee mmoja, baba wa marehemu baba yake, mkulima wa viazi na vitunguu huko Kipese. Alisema lugha inafundishika, tabia ndiyo ngumu. Mchumba wangu alinisimulia maneno hayo kwa furaha, tukacheka. Sikujua kwamba mzee alikuwa ameweka jina lake rehani kwa ajili ya tabia yangu.

Mpango ulikuwa hivi. Mzee angeshuka Butembo Jumamosi, angeniona, angelala kwa binti yake, na Jumapili baada ya misa angerudi Kipese. Akiridhika, Jumamosi inayofuata angeongoza watu wake hadi Beni kubisha hodi kwa baba yangu. Asiporidhika, hakuna wa kubisha. Wajomba hawawezi kwenda bila yeye, na mchumba wangu hawezi kujipeleka mwenyewe kama mtu anayefuata mbuzi aliyepotea. Kwetu Beni nyanya alikwisha kuanza kuchagua mchele.

Nyumba ilikuwa ya shangazi yake mchumba wangu, huko Kimemi, kwenye kilima ambacho pikipiki hukipanda zikilia hadi unazionea huruma. Shangazi huyu, binti wa mzee, alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na mchache wa maneno, anayeuza vitambaa sokoni. Alinipokea vizuri. Alinipa kitenge cha kufunga juu ya gauni, akanipeleka jikoni, akaniachia nipakue.

Mzee alikuwa ameketi sebuleni. Nilishangaa jambo moja. Kulikuwa na viti vya sofa, laini, vyenye vitambaa vyeupe mgongoni, lakini yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao chenye mikono, kigumu, kimekwaruzika. Nikafikiri, wazee wa milimani hawapendi starehe. Alikuwa mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote. Mchumba wangu alimwita kwa neno lao la babu, kama alivyomwita tangu utotoni, na kila alipolisema moyo wangu ulilegea kidogo. Babu! Na mimi wa kwangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimemkosa mtu wa kumwita mume.

Nilimnawisha mikono kwa birika na beseni, nimepiga magoti kama nilivyoambiwa. Akanitazama, akatabasamu. Akaniuliza kwa Kiswahili habari ya barabara ya Beni, nikajibu, akacheka jibu langu. Hapo ndipo nilipolewa. Mtu akicheka maneno yangu mara moja, natafuta kumchekesha mara ya pili.

Niliweka bugali mbele yake, maharagwe, sombe ya majani ya mihogo, na nyama ya kuku. Mchumba wangu alinyoosha mkono kuelekea sahani. Nikampiga kofi dogo mkononi, nikamgeukia mzee, nikasema kwa sauti ya nyumbani kwetu, ile ya kubembeleza:

“Mume yangu, kula mbele. Huyu kijana yako atangoya zamu yake.”

Kwetu kula mbele ni kula kwanza. Nilitarajia acheke. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kucheka naye.

Mzee alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Akasema neno moja kwa Kinande. Shangazi akaleta birika yeye mwenyewe, akamnawisha ile mikono ambayo haikuwa imekula kitu. Mzee akasimama, akakigusa kiti kidogo kwa mkono, akatoka nje kupitia mlango wa nyuma.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilijaribu kuyazoa kwa vidole. Nilimfuata hadi mlangoni nikicheka kicheko cha woga, nikasema, “Pardon, papa, ilikuwa michezo tu, kwetu tunasemaka vile, mais hapana mubaya!” Hakugeuka. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yake. Shangazi akanishika kiwiko, akanivuta jikoni.

“Nyamaza,” alisema. “Unapasua kidonda na makuca.”

Nikanyamaza. Lakini ndani nilikuwa nawaka. Nasema kweli, sikujuta kwanza, nilikasirika kwanza. Neno la mapenzi! Mtu anasusa chakula kwa sababu ameitwa kwa neno la mapenzi! Nikafikiri, hawa watu walikuwa wanatafuta sababu, na nimewapa. Mchumba wangu aliingia akiwa na uso wa mtu aliyeangusha mayai ya watu.

“Ungeniambia,” nilimwambia.

“Sikufikiri utasema vile.”

“Unamwitaka babu! Babu si wa kutania kwenu?”

“Babu ni wa kutania,” alisema, akatazama chini. “Lakini yeye si babu.”

Nilitaka kumpiga na mwiko. Shangazi akamwambia atoke, akavuta viti viwili vya chini, akamwaga maharagwe kwenye ungo, akaanza kuchambua kana kwamba tulikuwa na siku nzima. Tulikuwa na siku nzima, kwa kweli, na ndiyo tu tuliyokuwa nayo.

“Baba ya huyu kijana alikuwa kaka yangu,” alisema. “Alikuwa mupigaji wa mbao. Ile kiti aliitengeneza na mikono yake. Alikufa wakati huyu kijana iko na miaka ine. Njo muzee akamukamata, akamulea. Alimulipia masomo, alimupeleka ku ubatizo, alimupigaka hata fimbo. Ku mambo ya kila siku ni babu, banachekaka, banataniana. Mais ku mambo ya ndoa muzee anakaa mu ile kiti. Akikaa mu ile kiti, ni baba. Ni baba mukwe wako.”

Niliacha kuchambua.

Kwetu pia baba mkwe hataniwi. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Kwa babu, kumwita mume ni kumwambia bado ana nguvu, bado anashindana na vijana, na kijana mwenyewe anachekelea kunyang'anywa. Kwa baba mkwe, maneno hayo hayo yanaweka baba na mwana kwenye kitanda kimoja. Tena nilimwambia mwana angoje zamu yake. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ungo.

“Alisema nini pale alisimama?” niliuliza.

Shangazi alichukua jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa.

“Alisema, ‘Kumbe hajaniona.’”

Nilimpigia nyanya simu kutoka uani. Nilitaka anitetee. Yeye ndiye aliyenilea na huo mchezo, yeye ndiye mke mkubwa, angesema Wanande hawana utani. Nilimweleza yote. 

“We mutoto,” alisema, “heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikufundisha kutania. Sikukufundisha kutazama mbele ya kutania?”

“Sikujua, nyanya.”

“Uliuliza?”

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimeona mvi, nikatosheka.

“Mutu mwenye kukamata nafasi ya baba, ni baba,” nyanya alisema. “Nenda umuombe samahani. Na hapana umuombe na ile mudomo ya Beni. Uliza bale bamama namna kwao banaombaka.” Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba mchele ataurudisha kwenye gunia kwanza. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Nilirudi jikoni, nikakaa, nikamwambia shangazi, “Nifundishe.” 

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa akipima kama nastahili kazi. Mwishowe alisema:

“Leo hapana. Leo ataona unatafuta kufunika. Kesho asubui, mbele ya misa. Mimi nitakutangulia, nitamuambia uko nje. Akikataa, unarudi jikoni, hapana kulia. Akikubali, unaingia.”

Kisha akanipa masharti, moja baada ya jingine, huku vidole vyake havikuacha maharagwe. Nipige magoti mlangoni, si karibu na miguu yake, maana kumkaribia ni kumlazimisha. Nisimtazame usoni mpaka aniite. Nisicheke hata kidogo, hata kwa woga. Nisieleze. Hapo nilimkatiza.

“Nisieleze hata kama kwetu ni desturi?”

“Ukieleza unamuambia yeye njo hakuelewa. Unamuongezea deni.”

Nitaje kosa bila kulirudia, ndivyo alivyotaka. Neno lenyewe nisilitamke tena mbele yake, kwa lugha yoyote. Niseme nimemwita kwa jina lisilo la kiti alichokalia. Baadaye niombe. Baada ya kuomba, ninyamaze na kungoja, na nisijaze kimya kwa maneno, hata kikichukua saa nzima. Nisisimame hadi aniambie.

“Na yote mu Kinande,” alisema.

Nikapinga. Nilimwambia Kinande changu hakifiki hata mlangoni, najua salamu mbili na shukrani moja, na mzee anasikia Kiswahili vizuri, tulizungumza naye habari nzima ya barabara ya Beni. Si bora aelewe kila neno ninalosema?

Shangazi aliweka ungo chini. Ndiyo mara pekee mikono yake ilipotulia.

“Kiswahili ni ya soko,” alisema. “Mu Kiswahili ninauzisha, ninadanganya bei, ninaapa na jina ya Mungu juu ya kitambaa itachuja kesho. Muzee pia anauzishaka viazi mu Kiswahili. Ukimuomba mu Kiswahili atakujibu kama muchuuzi: hapana tatizo, mutoto, imeisha. Na haitakuwa imeisha. Muombe mu luga yenye alimulilia nayo mutoto yake.”

 Mimi Kiswahili ndiyo lugha pekee niliyolilia nayo mtu. Lakini nilimwelewa.

Tulianza na neno moja. “Munganyire.” Mnisamehe. Nilidhani amekosea, nikamwambia mzee ni mmoja.

“Ni babili,” alisema. “Unamuomba yeye, na unamuomba ule mwenye kiti. Kaka yangu. Ulimurukia pia.”

Kuanzia hapo sikuuliza tena. Alinipa sentensi tano. Aliyasema maneno polepole, nami niliyarudia mpaka koo likakauka. Kuna sauti kwenye lugha ile ambayo hutoka nyuma ya ulimi, kana kwamba unapasha moto mikono kwa pumzi, na mimi niliitoa kama mtu anayekohoa. Shangazi hakucheka. Angecheka ningepona kidogo, lakini hakucheka. Alisema tu, “Tena.” Nikamenya viazi nikirudia. Nikaosha sufuria nikirudia. Mchumba wangu alipopita mlangoni na kutaka kunisahihisha neno la tatu, nilimrushia ganda la kiazi.

Mzee hakuja mezani jioni. Alikunywa chai chumbani. Kiti cha mbao kilikaa sebuleni kitupu na hakuna aliyekigusa, nami nilipita kando yake mara nne nikienda na kurudi, kila mara nikivuta gauni lisikiguse.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, baridi ile ya Butembo inayoingia kwenye mifupa ya watu wa Beni na kukaa humo. Mzee alikuwa tayari amevaa kwa ajili ya misa. Mfuko wake wa safari ulikuwa mlangoni, umefungwa kwa kamba. Nilipouona mfuko ule nilisahau sentensi ya pili papo hapo.

Shangazi aliingia. Nilimsikia akisema maneno machache, kisha kimya, kisha kiti kikisogezwa kwenye saruji. Alichungulia nje.

“Amekaa mu kiti,” alisema kwa sauti ya chini. “Ingia.”

Nilipiga magoti kizingitini. Saruji ilikuwa baridi na palikuwa na kokoto moja chini ya goti la kulia ambayo naikumbuka mpaka leo. Niliona viatu vyake tu, vimepakwa rangi, kimoja kimefungwa kwa uzi badala ya kamba. Nikamsalimu salamu yao ya asubuhi kwa baba, “Mwavukire, tata.” Nikasikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa nyembamba.

Hakuitikia.

Nikaanza. Nilisema kwamba nilikuja nyumbani mwao nikapewa maji na chakula. Nilisema kwamba macho yangu yaliona nywele nyeupe, hayakuona kiti. Sentensi ya tatu ilikuwa ile ya kosa, na hapo katikati neno likanitoka. Lilitoka kabisa, kama sabuni mkononi. Kiswahili chote kilinijia mdomoni, tele, tayari, kikiniambia, sema tu, atakuelewa, maliza. Nilifungua mdomo. Nikaona vile viatu vikisogea kidogo, kama vya mtu anayejiandaa kusimama.

Nikafunga mdomo. Nikarudi mwanzo. “Mwavukire, tata.” Maji, chakula. Nywele, kiti. Nikafika kwenye lile neno, na likaja, limepinda, nadhani nililisema kama mtoto wa miaka miwili, lakini likaja. Nimekuita kwa jina lisilo la kiti hiki. Nilimkosea aliyekikalia na nilimkosea aliyekitengeneza.

“Munganyire, tata. Munganyire.”

Kisha nikanyamaza.

Mimi sijawahi kunyamaza hivyo maishani. Nje pikipiki ilipanda kilima, ikafika juu, ikapotea. Mtu wa jirani alipiga kelele kuhusu kuku. Kengele ya kwanza ya kanisa ililia. Nilijua kengele ya pili ikilia atasimama, atachukua mfuko, na atapita juu ya kichwa changu, na hataweza kulaumiwa. Machozi yalikuwa yakinidondoka kwenye saruji, na sikujua kama yameruhusiwa, shangazi alisema nisilie nikikataliwa, hakusema lolote kuhusu kungoja.

Mzee akazungumza kwa Kinande, lakini si na mimi. Alizungumza na binti yake. Naye akanitafsiria, kana kwamba nilikuwa mbali.

“Anauliza, nani alikuambia habari ya mwenye kutengeneza kiti?”

Nilitazama chini. “Mwambie ni wewe. Lakini mwambie pia ningepaswa kuuliza jana mimi mwenyewe.”

Alimwambia.  Kisha mzee akaongea kwa muda mrefu kidogo, na sauti yake ikakatika mahali pamoja, akasubiri, akaendelea. Shangazi hakutafsiri mara moja. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

“Anasema jana hakukasirika juu ya neno. Ni mukubwa, amesikia maneno. Anasema alikuwa amekaa pale kama mutoto yake angekaa, amefunga vifungo yote, anajiambia, leo ninamuozeshea mutoto yangu kijana yake. Na wewe ukamuita muzee wa kucheza naye. Akaona kama mutoto yake amekufa tena mbele ya chakula.”

Hapo nililia kwa sauti. Masharti yote yakaniponyoka. Sikulia kwa ajili ya ndoa, nadhani hata nilikuwa nimeisahau. Nililia kwa sababu nilijua kiti kitupu ni nini. Cha babu yangu tulikiuza, hatukuweza kukitazama.

“Simama,” mzee alisema. Kwa Kiswahili. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu jana. “Lete maji.”

Sikuelewa. Shangazi ndiye aliyenisukuma. Nikaleta birika na beseni, nikamnawisha. Alinawa taratibu, kila kidole. Kisha akasema:

“Na ile chakula niliacha.”

Shangazi alikuwa ameihifadhi. Sahani ile ile, imefunikwa, amekwisha kuipasha moto alfajiri bila kuniambia. Mwanamke yule! Niliiweka mbele yake, nikarudi nyuma hatua tatu, sikusema chochote. Alimega tonge. Akala. Nilimwangalia akitafuna kama watu wanavyoangalia mganga akisoma karatasi ya maabara. Akala la pili, akamwita mchumba wangu kutoka uani aje ale naye, na kengele ya pili ikalia wakiwa bado wanakula, na hakuna aliyesimama.

Alipomaliza nilisema, “Mwasingya, tata.” Asanteni, baba. Hilo nililijua tangu zamani.

Aliinua kichwa, akanitazama. Nikakumbuka masharti, nikashusha macho.

“Ile neno ya jana,” alisema kwa Kiswahili, “mimi siiwezi. Mais hapana uitupe. Iko neno ya muzuri. Weka mu sanduku.”

Sikujua anamaanisha nini. Nilidhani ananionya kwa upole. Nilisema ndiyo, tata, nikachukua sahani. Ilikuwa tupu.

Jumamosi iliyofuata alifika Beni na watu wake sita, koti lile lile, vifungo vyote. Nyanya alikuwa ameutoa mchele kwenye gunia. Sikutokea sebuleni mpaka niitwe, na nilipoitwa nilimsalimu kwa Kinande mbele ya baba yangu, ambaye alishtuka na kumgeukia nyanya kama vile nimebadilishwa njiani.

Huu ni mwaka wa sita tangu nihamie Butembo. Kinande changu sasa kinafika mlangoni na kuingia ndani, ingawa bado wauzaji wa sokoni huniongezea bei wakinisikia. Mzee bado hushuka kutoka Kipese barabara ikiwa nzuri. Namwita tata. Sijawahi kumtania, wala kuketi karibu naye, wala kumkata maneno, na wanaonijua wanasema huo ni muujiza wa Butembo.

Tuna binti mmoja. Ana miaka minne, na ulimi wake, Mungu amsaidie, ni wangu.

Mwezi uliopita mzee alikuwa kwetu. Aliketi kwenye kiti cha mbao, ambacho sasa kiko sebuleni mwetu, akazungumza na mume wangu habari za shamba, mambo ya baba na mwana. Nilileta chakula, nikapiga magoti, nikamnawisha, naye akamega tonge nikiwa bado nimeshika birika. Binti yangu akaja mbio kutoka uani, miguu imejaa matope, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Nyanya yangu alikuwa amekaa naye likizo nzima huko Beni. Ningejua.

“Mume yangu!” alisema. “Kula mbele, na mimi nitakula yako!”

Birika lilinitoka mkononi. Maji yalimwagika mpaka chini ya meza. Niliangalia mikono ya mzee, nikingoja tonge lirudi kwenye sahani.

Mzee alisimama. Alikigusa kiti kidogo kwa mkono, kama siku ile. Kisha akatembea hatua nne hadi kwenye sofa laini, akaketi, akafungua kifungo cha juu cha koti, halafu cha pili, akampungia mtoto mkono aje.

“Kuya, muke yangu mudogo,” alimwambia. “Mama yako alikuwekea hii neno miaka mingi. Nilifikiri nitakufa mbele itoke mu sanduku.”